Somo: Gharama ya kununulia na faida iliyopatikana, masoko kadhaa katika lahajedwali moja

Wanachama wengi wa kikundi chetu, kuanzia Mtwara na Masasi hadi Lindi na Nachingwea, wana sarafu za kidijiti katika masoko mawili au matatu, na juu ya hayo wana pochi ya simu. Kila soko linaonyesha faida yake, lakini hakuna linalojua mlichonunua kwingine. Somo hili linahusu sehemu inayoharibu hesabu kuliko zote, yaani kuhamisha sarafu kutoka mahali pamoja kwenda pengine, na linatumia njia ya wastani wa gharama. Nitafuata sarafu moja tu, ETH, kwa bei za mfano.

Hatua ya kwanza: karatasi moja kwa kila sarafu, si kwa kila soko

Fungua karatasi uiite ETH. Safu A iwe tarehe na saa, B mahali, C aina ya tukio, D kiasi cha sarafu, na E shilingi zilizotoka au zilizoingia mfukoni mwako. Kiasi kinachoingia mahali fulani ni chanya, kinachotoka ni hasi. Kwenye E usiandike bei inayoonekana kwenye skrini, bali fedha kamili: ukinunua, jumlisha ada ya soko pamoja na makato ya kutuma pesa kwa simu, ukiuza, toa ada kwanza.

Aina za matukio ni nne tu: NUNUA, UZA, HAMISHA na ADA. Mstari wa 2 uwe wa salio la kuanzia, H2 na I2 zikiwa sifuri, kisha matukio yaanze mstari wa 3:

```
04/11  Soko1  NUNUA     0.10    909000
25/11  Soko2  NUNUA     0.10   1091000
02/12  Soko1  HAMISHA  -0.098
02/12  Pochi  HAMISHA   0.098
02/12  Soko1  ADA      -0.002
20/12  Soko2  UZA      -0.05    594000
```

Tazameni tarehe 2 Desemba. Soko la kwanza lilitoa 0.10, lakini pochi ilipokea 0.098, kwa sababu ada ya kutoa ilikatwa kwenye sarafu yenyewe. Tukio hilo moja linaandikwa kwa mistari mitatu: kiasi kilichofika kinatoka huku na kuingia kule, na ada inasimama peke yake. Korosho zikitolewa ghala la Masasi zikapelekwa ghala la Mtwara, hakuna mkulima anayesema ameuza. Mwenye mali ni yule yule na gharama yake ni ile ile. ETH nayo ni hivyo hivyo.

Hatua ya pili: fomula

Ziandike kwenye mstari wa 3, kisha uzivute hadi chini:

```
F3: =IF(OR(C3="UZA",C3="ADA"),-D3*I2/H2,0)
G3: =IF(C3="UZA",E3-F3,IF(C3="ADA",-F3,0))
H3: =H2+D3
I3: =I2+IF(C3="NUNUA",E3,0)-F3
```

F ni gharama inayotoka pamoja na sarafu, G ni faida au hasara iliyopatikana, H ni salio la sarafu kila mahali kwa pamoja, na I ni gharama ya salio hilo. Baada ya manunuzi mawili tuna 0.20 ETH zilizogharimu 2,000,000, sawa na wastani wa 10,000,000 kwa ETH moja. Ada ya 0.002 inaondoka na gharama ya 20,000, nayo inaingia G kama hasara. Mauzo ya 0.05 yanaondoka na gharama ya 500,000, kwa hiyo faida ni 94,000, na ukitoa ile ada inabaki 74,000. Salio ni 0.148 ETH lenye gharama ya 1,480,000.

Mistari miwili ya HAMISHA lazima ikae jirani. Ukiacha mauzo yaingie katikati, H itakuwa imepungua ilhali I haijapungua, na wastani utapanda bila sababu. Hata kama sarafu zilichelewa kufika, andika mistari yote miwili kwa saa ya kuondoka.

Sasa fikirini mtu aliyeandika uhamisho ule kama mauzo na manunuzi mapya, siku ambayo ETH ilikuwa 12,000,000. Karatasi ingemwonyesha faida ya 196,000 ambayo hakuna aliyemlipa, na kwa kuwa manunuzi hayo ya uongo yamepandisha wastani, faida ya mauzo yatakayofuata ingeonekana ndogo kuliko ilivyo. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba faili la miamala la soko lisibandikwe moja kwa moja, kwa kuwa soko linaona sarafu zikitoka tu, halijui kwamba pochi zilikokwenda ni yako.

Hatua ya tatu: kukagua

```
=ROUND(SUMIFS(D:D,C:C,"HAMISHA"),8)
=ROUND(SUMIFS(D:D,B:B,"Pochi"),8)
```

Ya kwanza lazima iwe sifuri. Isipokuwa sifuri, kuna uhamisho ulioandikwa upande mmoja. Ya pili lazima ilingane na kinachoonekana kwenye pochi, hapa 0.098, nawe uirudie kwa kila mahali: Soko1 sifuri, Soko2 0.05. Ukiona `#DIV/0!` kwenye F, maana yake umeuza wakati karatasi haina salio, kwa hiyo kuna manunuzi uliyoyasahau au tarehe zimepinduka.

Kupinduka kwa tarehe mara nyingi kunatokana na saa. Masoko mengi huandika faili kwa saa za UTC, nasi tuko saa tatu mbele, hivyo mauzo ya saa saba usiku hapa Mtwara yanasomeka saa 22:00 ya siku iliyotangulia. Ongeza `TIME(3,0,0)` kwenye tarehe za faili hilo kabla ya kupanga mistari.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Masasi:* Shikamoo mwalimu. Soko la pili linanionyesha faida ya 48,500 kwa mauzo yale yale, wewe unasema 94,000. Nani yuko sahihi?

Marahaba. Soko hilo linajua manunuzi yako ya 1,091,000 peke yake, kwa hiyo limetoa gharama ya 545,500. Unaweza kuamua kuhesabu kila mahali kivyake, lakini hapo kila uhamisho lazima ubebe gharama yake kwenda karatasi nyingine. Chagua njia moja uishike tangu mstari wa kwanza. Kubadili katikati kunafanya gharama fulani ihesabiwe mara mbili.

*Mwanachama wa Lindi mjini:* Nikibadili ETH kuwa USDT bila kugusa shilingi, naandika HAMISHA?

Hapana, dada yangu. Sarafu imebadilika, kwa hiyo ni UZA kwenye karatasi ya ETH na NUNUA kwenye karatasi ya USDT, kwa thamani moja ya shilingi ya saa ile. Iandike siku hiyo hiyo, maana kuitafuta bei ya shilingi baada ya miezi ni kazi ngumu.

*Mwanachama wa Nachingwea:* Na ile kodi ya zuio ya 3%?

Sheria ya Fedha ya 2024 iliiweka kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijiti, na inakatwa kwenye malipo, si kwenye faida. Kwa mauzo yetu ya 600,000 kabla ya ada, ingekuwa 18,000. Ikikatwa, iandike safu ya J na uhifadhi uthibitisho wake. Usiipunguze kwenye E, kwa sababu utakuwa umeichanganya na ada na hutaweza kuitenganisha tena.