Kondensa au dainamiki, XLR au USB: kuchagua maikrofoni ya kurekodi nyumbani na kuipa umeme wake

Lalamiko ninaloletewa mara nyingi na watu wanaoanza kurekodi nyumbani ni la maikrofoni ya kondensa ya bei nafuu, ile inayouzwa pamoja na stendi ya kubana mezani na waya wenye plagi ya milimita 3.5. Mtu ameichomeka kwenye laptopu, akaongea, na alichopata ni sauti ya mbali iliyozama ndani ya mvumo, akaamua kwamba ameuziwa mbovu. Kwa kawaida si mbovu. Haijapata umeme wake, na pengine haikuwa aina ya kufaa chumba kile tangu mwanzo. Nitaeleza uchaguzi kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe, nikitumia mfano wa chumba kimoja cha Mbagala, Dar es Salaam: mita 3 kwa 4, bati bila dari, dirisha linalotazama njia ya bodaboda, na mwenye chumba anayetaka kurekodi hadithi anazozisoma kwa sauti.

Hatua ya 1: Pima chumba kabla ya kwenda dukani

Weka simu mahali utakapokaa, rekodi dakika moja ya ukimya, kisha piga makofi mara mbili ukiwa umesimama palepale. Sikiliza rekodi kwa hedifoni, si kwa spika ya simu, kwa kuwa spika hiyo huficha mvumo wa feni na friji. Katika chumba cha Mbagala ukimya ulikuwa na redio ya jirani na pikipiki zinazopita, na kila kofi lilifuatwa na mlio mkali uliorudi kutoka kwenye bati na kuta tupu. Matokeo hayo ndiyo yatakayoamua hatua inayofuata, kabla hata ya kuzungumzia bei.

Hatua ya 2: Chagua kati ya dainamiki na kondensa

Ndani ya maikrofoni ya dainamiki mna kiwambo kilichobandikwa koili ya waya mwembamba, nayo koili imekaa katikati ya sumaku. Sauti inapotikisa kiwambo, koili hucheza ndani ya nguvu ya sumaku na kuzalisha umeme yenyewe, bila kuhitaji chochote kutoka nje, ingawa umeme huo ni mdogo sana. Kondensa hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Kiwambo chake, ambacho ni chepesi zaidi, kimekaa mbele ya bamba la chuma na viwili hivyo vinaunda kapasita, hivyo nafasi kati yao inapobadilika kwa mtikisiko wa sauti, volti nayo hubadilika. Mabadiliko hayo hayana nguvu ya kusafiri hata mita moja ya waya, na kwa sababu hiyo kila kondensa ina ampu ndogo ndani ya mwili wake. Ampu hiyo haiwezi kufanya kazi bila umeme.

Tofauti ya nguvu ya ishara si ndogo. Kwa shinikizo la sauti la paskali 1, Shure SM58, ambayo ni dainamiki, hutoa takriban milivolti 1.85, na Audio-Technica AT2020, ambayo ni kondensa, hutoa takriban 14.1. Ni zaidi ya mara saba, kwa hiyo dainamiki itadai geini, yaani ukuzaji wa ishara, zaidi kwa desibeli kama 17 au 18, na priampu dhaifu, yaani kikuzaji cha kwanza cha ishara, itaanza kutoa sauti yake ya «shhh» kabla hujafika kiwango unachokitaka.

Hapa sina budi kupinga jambo linalorudiwa sana, kwamba kondensa «inavuta» sauti za mbali na dainamiki haizivuti. Maikrofoni haijui kama sauti imetoka mdomoni mwako au kwa jirani. Uwiano kati ya sauti yako na kelele za chumba unategemea zaidi umbali wa mdomo na mwelekeo ambao maikrofoni inasikiliza. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako huongezeka kwa karibu desibeli 6 huku kelele za chumba zikibaki zilivyo; ukitoka sentimita 40 hadi 10, umepata kama desibeli 12 bila kutumia hata shilingi. Dainamiki inasaidia katika chumba kibaya kwa sababu inavumilia kusogelewa, haitoi mlio mkali sana kwenye herufi «s», na sauti za juu kabisa, kama mlio wa bati, inazipokea kwa upole. Kondensa ikisogelewa hivyo huanza kupiga vishindo kwenye «p» na «b», mtu anajirudisha nyuma, na chumba kinaingia.

Kwa chumba cha Mbagala jibu ni dainamiki, mdomo ukiwa sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye wavu, maikrofoni ikiwa imeinama kidogo pembeni ili pumzi isiipige moja kwa moja. Kama chumba chako kina dari, pazia zito na godoro lililoegemezwa ukutani, au kama unarekodi gitaa na uimbaji wenye sauti nyembamba nyingi, kondensa itakupa undani ambao dainamiki haiufikii.

Hatua ya 3: Amua kati ya XLR na USB

Maikrofoni ya USB imebeba ndani yake priampu na kigeuzi kinachofanya sauti iwe tarakimu, na vyote hivyo hula volti 5 zinazotoka kwenye kompyuta. Hata ikiwa ni kondensa, volti inazohitaji kapsuli, yaani kiwambo na bamba lake, zinatengenezwa humohumo, na ndiyo maana hutaona popote juu yake swichi ya 48V, ile ya umeme nitakaoueleza katika Hatua ya 4. Kwa mtu mmoja anayeongea peke yake ni njia safi na ya gharama ndogo. Tatizo linaanza siku mgeni anapokuja: maikrofoni mbili za USB zina saa mbili tofauti za kuhesabia sampuli, na katika mazungumzo ya saa moja sauti za watu wawili huweza kuachana taratibu hadi kicheko cha mmoja kinatangulia mzaha wa mwenzake.

XLR ni soketi ya pini tatu. Pini 1 ni ngao ya waya, pini 2 na 3 hubeba ishara ileile kwa pande mbili zinazopingana, na saundikadi, kifaa kinachoiunganisha maikrofoni na kompyuta, huchukua tofauti kati yao, hivyo uchafu wa umeme ulioingia njiani kwa usawa kwenye waya zote mbili unajifuta. Itakubidi ununue saundikadi ya nje, lakini maikrofoni mbili zitatumia saa ileile ya kuhesabia sampuli, na ukibadili maikrofoni baadaye saundikadi inabaki.

Kwa msomaji wetu wa Mbagala nilipendekeza njia ya katikati. Zipo dainamiki zenye soketi zote mbili, kama Samson Q2U na Audio-Technica ATR2100x; aanze na USB leo, na siku atakapopata saundikadi atumie XLR ya maikrofoni ileile.

Hatua ya 4: Elewa umeme wa fantomu kabla ya kubonyeza 48V

Umeme wa fantomu ni volti 48 ambazo saundikadi inazipandisha kupitia waya uleule wa maikrofoni. Zinapita kwenye rezista mbili zinazolingana za kiloomu 6.8, moja kuelekea pini 2 na nyingine pini 3, na kurudi kupitia pini 1. Kiwango cha 48 hakikutokana na hesabu ya kitaalamu ya sauti: mwaka 1966 Neumann ya Ujerumani iliitengenezea NRK, shirika la utangazaji la Norwei, maikrofoni ya KM 84, na studio za NRK tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 wa taa za dharura.

Ukiwa na multimita unaweza kuuona mwenyewe. Iweke kwenye volti za umeme wa moja kwa moja, kipimo cha 200, washa 48V na pima kwenye mwisho wa waya, mahali ambapo maikrofoni ingechomekwa. Kati ya pini 1 na 2 upate kati ya volti 44 na 52. Kati ya pini 1 na 3 vivyo hivyo. Kati ya pini 2 na 3 upate sifuri. Pini moja ikikosa volti, waya umekatika au umechomelewa vibaya. Sifuri ile ya mwisho ndiyo inayoilinda dainamiki: ncha za koili yake zimeunganishwa kwenye pini 2 na 3, na kwa kuwa pande zote mbili zina volti sawa, hakuna mkondo unaopita ndani ya koili. Kinga hiyo inapotea pale waya au adapta inapounganisha pini 3 na ngao. Maikrofoni za utepe, ambazo badala ya koili zina ukanda mwembamba wa chuma, usiziwashie fantomu kabisa, isipokuwa mtengenezaji ameandika kwamba zinauhitaji.

Sasa turudi kwa kondensa iliyochomekwa kwenye laptopu. Tundu la milimita 3.5 hutoa volti chache tu. Kapsuli za bei nafuu nyingi zina chaji ya kudumu, kwa hiyo ampu yake hupata uhai kidogo na kutoa sauti hafifu, na hilo ndilo linalopotosha, kwani mtu anaona sauti inaingia na kudhani umeme upo. Jaribio ni rahisi: ichomeke kwenye saundikadi yenye 48V kwa waya wa XLR pande zote mbili. Sauti ikijaa, ilikuwa njaa ya umeme. Ikibaki ileile baada ya multimita kuthibitisha volti, hapo ndipo maikrofoni yenyewe ina kasoro. Visanduku vidogo vya matangazo ya moja kwa moja vyenye matundu ya milimita 3.5 peke yake havitatui jambo hili.

Hatua ya 5: Unganisha kwa mpangilio huu

Shusha geini na sauti ya hedifoni hadi mwisho. Chomeka XLR pande zote mbili, kisha, kama ni kondensa, bonyeza 48V na usubiri kama sekunde kumi ampu ya kondensa itulie. Pandisha geini huku ukisoma kwa sauti utakayotumia kweli, si kwa «moja, mbili, tatu», mpaka vilele vifike karibu na −12 kwenye kipimo cha programu, ambacho ukomo wake wa juu ni 0. Ukimaliza, shusha geini, zima 48V, ngoja nusu dakika, ndipo uchomoe. Kuchomoa kondensa ikiwa na umeme hutoa mshindo unaoweza kuumiza masikio na spika.

Kama saundikadi inatumia umeme wa USB peke yake na unasikia mikwaruzo kila unapowasha 48V, hasa ukitumia simu au habu inayogawana na diski ya nje, chanzo ni tundu lisilotosheleza mkondo. Ihamishie kwenye tundu lake la peke yake kwenye kompyuta, au tumia habu yenye adapta yake ya ukutani, kisha rudia kipimo cha multimita.