Chanzo cha kifo: soma fomu kutoka chini kwenda juu

Kwenye Sehemu ya 1 ya fomu ambayo daktari hujaza kuthibitisha chanzo cha kifo, mstari (a) ni kilichoua mwishoni. Mstari wa chini kabisa uliojazwa ni chanzo cha msingi, ambacho kwa kawaida ndicho huhesabiwa kwenye takwimu. Mfano: (a) nimonia ya kupaliwa, siku 2, (b) kiharusi cha kuvuja damu, siku 10, (c) shinikizo la damu, miaka 8.

Sasa soma kutoka chini ukitamka "kikasababisha" kila unapopanda mstari. Sentensi ikigoma, mpangilio umekosewa. Muda tangu kila tatizo lianze hadi kifo nao haupungui kadiri unavyoshuka.

Kisukari kilichochangia bila kuwa kwenye mnyororo huu kiandikwe Sehemu ya 2. "Moyo kusimama" usiandike: kila marehemu moyo wake umesimama.