SOMO: Bekingi pauda, magadi soda na hamira, geuza pakiti usome nyuma

Kila wiki naulizwa hili, kwa hiyo nimeliandika mara moja. Madukani kwetu Mwanza ukisema "hamira" unaweza kupewa chochote kati ya hivi vitatu. Usiangalie picha ya keki iliyo mbele, maana zote wanaichora.

1. Hamira: chenga ndogo za kahawia, zina harufu ya pombe. Nyuma mara nyingi utaona E491, E500 haipo.

2. Magadi soda: ni E500 peke yake.

3. Bekingi pauda: E500 pamoja na asidi, yaani E450 au E341, na wanga wa kuikausha. Nyingine huandika INS badala ya E, namba ni zilezile.

Hapo kwenye 2 na 3 ndipo nilipoharibu. Nilikuwa na oda ya keki ya kipaimara, Igoma. Unga vikombe 2, bekingi pauda vijiko 2 vya chai. Duka lilinipimia unga mweupe kwenye kifuko kisicho na maandishi, nikaweka vijiko 2. Ilikuwa soda. Keki ikatoka ya kahawia mpaka ndani, ikaacha ladha ya sabuni mdomoni. Soda ina nguvu karibu mara nne ya pauda, na isipopata kitu kichachu cha kutosha, inayobaki hugeuka chumvi kali ya magadi kwenye joto. Ukiongeza sukari haifichiki. Nilirudisha hela yote.

Kifuko hakina maandishi? Weka nusu kijiko kwenye maji ya uvuguvugu. Pauda inatoa povu yenyewe. Soda inatulia mpaka ukamulie ndimu.

MASWALI

– Dada, kwa hiyo ya maandazi ni ipi?
Hamira. Namba 1.

– Mimi nilitumia pauda, nikalaza donge usiku kucha, halikuumuka. Pauda yako ni feki?
Sijakuuzia pauda, mama. Hamira ni kiumbe hai, inakula sukari na kutoa hewa taratibu, ndiyo maana inahitaji muda. Pauda huanza kutoa hewa ikiguswa na maji. Ulipoamka sehemu kubwa ilishapotea.

– Nina soda tu nyumbani, nawezaje kuigeuza iwe kama pauda?
Swali zuri, mdogo wangu. Badala ya kijiko 1 cha pauda, weka robo kijiko cha soda na nusu kikombe cha maziwa mgando, kisha punguza nusu kikombe cha maji au maziwa ya kwenye mapishi. Washa oveni kabla ya kuchanganya, maana povu halingoji.

– Nami niongezee: huku Kirumba unyevu wa ziwa uligandisha pauda yangu mabonge.
Kweli kabisa. Ihamishie kwenye kopo linalobana, na uchote kwa kijiko kikavu. Kata pia kipande chenye namba ukibandike kwenye kopo.