Kutoka rundo la fomu za tathmini hadi ukurasa mmoja wa mratibu

Nitatumia warsha moja kati ya tatu tulizowafanyia wahudumu wa afya ya jamii kuhusu utunzaji wa kumbukumbu. Fomu zilirudi 23, kila swali likiwa na alama 1 hadi 5, ambapo 5 ni "nimeridhika sana".

1. Zipe fomu namba kabla ya kuingiza chochote. Andika namba kwa kalamu pembeni juu, na hiyohiyo iwe kwenye mstari wa Excel. Bila namba, huwezi kurudi kwenye karatasi ukitilia shaka alama.

2. Soma maoni pamoja na alama. Fomu namba 14 ilizungushiwa 1 kila swali, lakini chini imeandikwa: "Mmefundisha vizuri mno, mungeongeza siku." Huyu alichukulia kuwa namba moja ndiyo bora, kama nafasi ya kwanza darasani. Usimgeuzie alama zake, maana hutajua kwa hakika. Iweke kando na umweleze mratibu. Zikabaki 22.

3. Swali lililorukwa liache wazi, usiweke 0. Kwenye "Muda ulitosha" wawili hawakujibu. Waliojibu 20 walitoa jumla ya alama 66, yaani wastani wa 3.3. Ukiwawekea sifuri wale wawili, unashuka hadi 3.0, na mwezeshaji anaonewa.

```
=AVERAGE(C2:C23)
=COUNTIF(C2:C23,">=4")/COUNT(C2:C23)
```

Fomula ya pili inatoa sehemu ya walioridhika: hapa 11 kati ya 20, asilimia 55.

4. Hesabu kila alama imetokea mara ngapi. Hapa ndipo mimi hukaa muda mrefu zaidi. Alama 5 walitoa 8, alama 4 watatu, alama 3 mmoja tu, alama 2 watatu, alama 1 watano. Ile 3.3 inaonekana kama watu waliosema "wastani tu", kumbe karibu hakuna aliyesema hivyo. Kuna makundi mawili.

Nikachomoa fomu za wale wanane wa chini. Sita walilalamikia kitu kimoja: gari la kutoka vijijini kwao linafika saa 3, sisi tunaanza saa 2. Kumbe siku hazikuwa chache. Walikuwa wanakosa saa nzima ya mwanzo. Kuongeza siku kusingewasaidia.

5. Panga mapendekezo. Maoni yenye mambo mawili yagawe mistari miwili, kisha kila jambo lipe neno moja: usafiri, chakula, vitini, posho. Posho usiifiche hata kama mratibu hana uamuzi nayo. Itenge tu na yale anayoweza kuyabadilisha mwenyewe.

Kwa mratibu niliandika hivi: "Muda: wastani 3.3, walioridhika 11 kati ya 20, ambao hawakujibu 2. Wasioridhika 8, sita kwa sababu ya usafiri. Pendekezo: warsha ijayo ianze saa 3:30. Fomu namba 14 haikuhesabiwa, imeambatishwa."