SOMO: Nguzo ya kona isiyoinama waya ukivutwa

Wakuu, seng'enge ikilegea wengi hukimbilia kuvuta upya. Kaangalie nguzo ya kona kwanza. Ukikuta kichwa kimeinamia upande wa uzio na nyuma ya shina udongo umeachia ufa, shida si waya.

Tuchukue uzio wa ng'ombe wenye kimo cha mita 1.2, nyuzi nne. Ukivuta kila uzi kwa kilo 100 hivi, nguzo hiyo inavutwa kwa kilo 400, usiku na mchana. Peke yake haiwezi.

1. Simamisha nguzo ya mwisho: mkaratusi uliotiwa dawa, unene wa sentimita 15 hadi 20, urefu mita 2.4. Shimo liwe mita 1.1. Rudisha udongo kidogo kidogo, kila sentimita 15 ushindilie kwa mtaimbo. Ukimwaga wote kisha ukashindilia juu, chini unabaki mlegevu.

2. Mita 2.5 kutoka hapo, kwenye mstari wa uzio, simamisha nguzo ya pili kwa kina kile kile.

3. Laza gogo la sentimita 10 kati yao, karibu na vichwa. Chonga vidato vifupi likae, ulifunge kwa msumari mrefu.

4. Sasa waya wa mshazari. Unaanzia CHINI ya nguzo ya mwisho, unapanda hadi JUU ya nguzo ya pili. Uzio ukivuta nguzo ya mwisho, gogo linasukuma kichwa cha ya pili, na waya huu ndio unaokizuia. Ukiugeuza, hausaidii kitu. Zungusha mara mbili, pitisha kijiti katikati, ukisokote mpaka waya ukaze, kisha kiegemeze kwenye gogo ili kisifunguke.

5. Vuta nyuzi kwa mashine ya kukazia, si kwa gari, maana kwenye gari hujui umefikia wapi. Vaa glavu, na usisimame kwenye mstari wa waya: ukikatika unarudi kwa kasi. Ning'iniza timazi kando ya nguzo. Ikianza kuinama, simama, ongeza msokoto wa mshazari.

MASWALI

– Mkuu, nafasi yangu ni finyu. Gogo la mita 1.2 litafaa?
Hapana. Mshazari utakuwa wima mno, na badala ya kushikilia utaing'oa nguzo ya mwisho kuelekea juu. Walau mara mbili ya kimo cha uzio.

– Kona yenyewe je, uzio unapokata digrii 90?
Nguzo ya kona ni moja, ila kila upande una gogo lake, nguzo yake ya pili na mshazari wake.

– Nguzo za kati nazipigilia misumari ya U mpaka mwisho?
Usifanye hivyo. Acha waya uteleze ndani ya msumari, la sivyo ukikaza kutoka kona mvuto unaishia nguzo ya kwanza. Upige ukiwa umeuinamisha kidogo, miguu yake miwili isiingie kwenye uzi mmoja wa mti, vinginevyo mti utapasuka.