Somo: Kuhamisha hati za mzigo zenye mwandiko usiosomeka kwenda kwenye lahajedwali

Somo hili linahusu hati za kupokelea mzigo za duka la vifaa vya ujenzi, zile nakala za kaboni ambazo dereva huzirudisha zikiwa zimekunjwa na kupata vumbi la saruji. Kosa kubwa ninaloliona kwa makarani si kushindwa kusoma, bali ni kukisia kisha kuandika kisio hilo kana kwamba limesomwa.

Hatua ya kwanza ni kutenga safu mbili kwa kila taarifa: moja ya kile kilichoandikwa kwenye karatasi na nyingine ya kile ulichoamua. Safu ya kwanza iwe ya maandishi (Text), ili namba ya hati 0413 isigeuke 413, na ili Excel isiibadili 3/4 kuwa tarehe 4 Machi pale kompyuta inapofuata mpangilio wa Kimarekani. Tarakimu isiyosomeka iandikwe kwa alama ya kuuliza, kwa mfano «?0». Ongeza safu ya sababu, na nyingine ya namba ya picha ya hati.

Hatua ya pili ni kujifunza mkono wa mwandishi kabla ya kusoma idadi. Tafuta kwenye hati hiyo hiyo tarakimu unazozijua kwa hakika, kama vile mwaka au namba ya gari iliyomo pia kwenye daftari la getini, kisha uone anavyoandika 1 na 7, au 4 na 9. Nakala ya kaboni ikiwa imefifia, ielekeze taa kutoka ubavuni, kwa kuwa mgandamizo wa kalamu hubaki hata pale rangi inapopotea.

Hatua ya tatu ni kupata ushahidi mwingine. Hati namba 0413 ilisomeka mifuko «10» au «70» ya saruji, bei ya mfuko ikiwa shilingi 16,500 na jumla 1,155,000. Mifuko 10 ingekuwa shilingi 165,000, hivyo idadi ni 70. Hata hivyo, jumla ni ushahidi pale tu ilipoandikwa na mkono ule ule wakati ule ule. Ikiwa imeongezwa baadaye kwa wino mwingine, huenda aliyeiandika naye alikisia kama wewe. Fomula hii, ambamo D, E na F ni safu za kile ulichoamua, yaani idadi, bei na jumla kwa namba, huonyesha safu mlalo za kurudiwa:

```
=IF(COUNT(D2:F2)<3,"hakiki",IF(D2*E2=F2,"sawa","hakiki"))
```

Kwenye hati hiyo mpokeaji alikuwa ameandika pembeni «68, 2 imepasuka» na kutia saini. Hilo si sahihisho la 70. Iliyotumwa ni 70 na iliyopokelewa ni 68, na kila moja inastahili safu yake, kwa kuwa anayeweka 68 peke yake anafuta hasara ya mifuko miwili.

Tarehe ya hati hiyo ilisomeka 14/3 au 19/3. Kwa kuwa hati 0412 na 0414 za kitabu kile kile zina 14/3 inayosomeka vizuri, niliandika 14 na kutaja sababu. Kama 0414 ingekuwa ya tarehe 20, namba jirani zisingeamua lolote, na ingebidi kuomba nakala ya juu iliyobaki kwa mteja.

Kuhusu saini, andika kama ipo au haipo, jina lililoandikwa kwa herufi, na kama kuna muhuri. Usibuni jina kutokana na mchoro wa saini, wala usiamue kuwa imeghushiwa. Ikitofautiana na za siku nyingine, andika «inatofautiana» na umpelekee msimamizi picha.

Maswali ya wanachama

*Hati zetu zina saa pia. «Saa 7 usiku» niiandikeje?*

Ni 01:00, lakini kuwa mwangalifu na tarehe. Karani wa zamu ya usiku mara nyingi huandika tarehe ya siku aliyoingia kazini, kwa hiyo linganisha na daftari la getini kabla ya kusogeza tarehe mbele, na uache maneno yake yalivyo katika safu ya kwanza.

*Nikishindwa kabisa, niweke sifuri ili jumla ya mwezi isikwame?*

Hapana, ndugu yangu. Sifuri inadai kwamba mzigo haukufika. Acha seli ya idadi wazi; SUM huiruka bila kukwama. Kisha weka chini ya jumla idadi ya hati zisizosomeka, ili msomaji ajue kwamba jumla hiyo haijakamilika.

*Mpokeaji aliweka dole gumba.*

Andika «dole gumba» katika safu ya saini, pamoja na jina la shahidi kama limeandikwa.