SOMO: Kusoma picha ya boksi la breka na kujua ipi imeanguka

Wateja wengi siku hizi hawaanzi kwa kuniita. Wananitumia picha ya boksi la breka na maneno mawili: "Fundi, ipi?" Picha inaweza kujibu swali hilo, lakini kuna mambo machache ya kujua, na la kwanza haliko kwenye picha kabisa.

Hatua ya 1: Kabla ya picha, uliza giza limefika wapi

Je, ni taa peke yake? Soketi za upande mmoja? Nyumba nzima? Na jirani ana umeme? Majibu hayo yanakuambia cha kutafuta. Breka ndogo moja hulinda njia moja tu: taa, au soketi za vyumba fulani, au jiko, au hita ya maji. Ikianguka hiyo, nyumba nyingine inaendelea kuwaka. Nyumba nzima ikizimika huku jirani anawaka, usihangaike na breka ndogo. Angalia kwanza kama uniti za LUKU zimeisha, kwa sababu zikiisha breka zote hubaki juu kama kawaida. Kama uniti zipo, tafuta kati ya zile breka mbili pana, meinswichi na breka ya mvujo.

Giza na picha lazima vikubaliane. Visipokubaliana, mojawapo umeisoma vibaya.

Hatua ya 2: Piga picha inayosomeka

Fungua kile kifuniko cha nje chenye bawaba, basi. Bamba la ndani lililofungwa kwa skrubu usiliguse, nyuma yake kuna nyaya zenye umeme hata breka zikiwa chini. Ukiona plastiki iliyoyeyuka, weusi, maji, au ukisikia harufu ya kuungua, usiguse kitu. Mwite fundi.

Usitumie flashi ya simu yenyewe. Mwanga wake unapiga plastiki na kurudi kwenye lenzi, na breka mbili tatu zinapotea katika doa jeupe. Mwombe mtu akumulikie tochi kutoka pembeni. Mwanga wa pembeni unafanya kila kishikio kiweke kivuli chake, na kilicholala tofauti na wenzake kinaonekana mara moja.

Piga tatu. Ya kwanza ya boksi zima, ukisimama sawasawa mbele yake. Ya pili ya karibu, maandishi yasomeke. Ya tatu kutoka ubavuni, simu ikiwa usawa wa safu ya breka. Hii ya tatu ndiyo watu huisahau, na ndiyo inayotatua ubishi mwingi: kwa mbele kishikio kilichoshuka nusu kinaweza kuonekana kama kiko juu, lakini kwa ubavuni mteremko wake haujifichi. Usitumie kamera ya selfi. Simu nyingine hugeuza picha, kushoto kukawa kulia, ukahesabu breka kutoka upande usio wake.

Hatua ya 3: Soma

Anza na maandishi. Yakiwa yamesimama wima, picha imesimama wima, na katika maboksi yetu mengi juu ni kuwaka, chini ni kuzima. Usitegemee juu na chini peke yake, maana nimewahi kukuta breka iliyofungwa kichwa chini. Tafuta alama: `I` au `ON` ni inawaka, `O` au `OFF` imezima. Nyingi zimeandikwa kwenye kishikio chenyewe, hivyo unaona ile ya hali iliyopo.

Sasa rangi, ambayo imewapoteza wengi. Baadhi ya breka zina kidirisha kidogo chenye rangi. Mtu akiona nyekundu anafikiri hapo ndipo penye hitilafu. Katika breka nyingi ni kinyume: nyekundu maana yake umeme unapita, kijani maana yake umekatwa. Zipo aina ambazo nyekundu ni ishara ya kuanguka. Kwa hiyo usisome rangi ya breka moja peke yake. Ilinganishe na jirani zake wa aina ileile ambao unajua vyumba vyao vinawaka.

Kisha tenganisha pana na nyembamba. Kwa nyumba ya fezi moja, meinswichi na breka ya mvujo kila moja huchukua nafasi ya breka ndogo mbili. Breka ya mvujo utaijua kwa kitufe kidogo chenye herufi `T`, na kwa maandishi ya `30mA` au `0.03A`. Kazi yake ni kupima umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipotelea njiani, kwenye ethi au mwilini mwa mtu, inakata yote iliyo chini yake. Hapo breka ndogo zote zinabaki juu, na mwenye nyumba anasema "fundi, kila kitu kipo juu lakini giza."

Nyembamba zimeandikwa kama `C10` au `C20`. Namba ndiyo ampea: 10 mara nyingi ni taa, 20 ni soketi au hita, 32 ni jiko. Ukikuta karatasi ya majina mlangoni, itumie kama fununu. Wengi huongeza njia bila kuandika upya.

Picha moja, tuisome pamoja

Dada mmoja wa Morogoro alinitumia picha usiku. Nyumba nzima giza, jirani anawaka, uniti zipo. Alikuwa amezungushia duara jekundu breka ya mwisho kulia, kwa sababu ndiyo iliyokuwa chini. Kwa macho ya haraka alikuwa sahihi.

Lakini breka moja nyembamba haizimi nyumba nzima. Nikatazama karatasi: nafasi hiyo haikuandikwa kitu. Nikamuuliza, akakumbuka kwamba fundi aliyejenga aliiacha ya akiba, haijaungwa popote. Ilikuwa chini tangu siku ya kwanza.

Nikarudi kushoto. Meinswichi, pana, juu. Ya pili, pana, kishikio cha buluu, kitufe cha `T`. Yeye aliiruka kwa sababu rangi yake ni tofauti na nyingine, hakudhani ni swichi. Nilipoikuza, nikasoma `O-OFF`. Ndiyo hiyo.

Nikamwambia ashushe breka ndogo zote, kisha ainue ile ya buluu. Ikasimama. Akaanza kuinua ndogo moja moja, akisubiri kidogo kila moja: taa, soketi za sebuleni, soketi za vyumba, jiko. Zote sawa. Alipoinua ya hita ya maji, ile ya buluu ikaanguka palepale. Akaishusha ya hita, akainua tena ile ya buluu, akalala na umeme. Kesho yake fundi wa huko alikuta elementi ya hita imepasuka, maji yanagusana na waya wa ndani.

Kumbuka kwamba picha haikutaja hita. Picha ilitaja breka, na kuinua moja moja ndiko kulikotaja hita.

Hatua ya 4: Kuinua, mara moja tu

Breka iliyoanguka ishushe kwanza mpaka mwisho, usikie mlio, ndipo uinue. Zipo zinazosimama katikati, na hizo ukizisukuma juu moja kwa moja hazishiki. Ikianguka papohapo, usirudie. Hapo kuna nyaya au kifaa kilichogusana. Ikikaa dakika kadhaa ndipo ianguke, mara nyingi umezidisha mzigo: breka ya ampea 20 kwa volti 230 inabeba wati 4,600, na birika la wati 2,200, pasi ya 1,200 na oveni ndogo ya 1,500 vinapita hapo. Chomoa kimoja, isubiri ipoe dakika chache, uinue.

MASWALI YA WANACHAMA

Tanga: Fundi, soketi za jikoni hazina umeme lakini kwenye picha zote ziko juu, hata ile yenye kitufe cha T. Ninaona vibaya?

*Jibu:* Picha yako ni ya mbele tu. Nitumie ya ubavuni, nadhani ya nne kutoka kulia haijafika juu kama wenzake. Ishushe mpaka mwisho uiinue. Kama itabaki imara na soketi bado hazina kitu, tatizo limehama kutoka kwenye boksi: waya umelegea kwenye soketi au umekatika njiani. Hapo picha haisaidii tena, atakuja fundi na kipimo.

Kisumu: Nyumba ya marehemu babu haina breka, ina zile fyuzi za kuchomoa. Stima imepotea kwa taa tu. Nipige picha gani?

*Jibu:* Picha ya nje haitakuonyesha chochote, fyuzi iliyoungua na nzima zinafanana kwa mbele. Zima meinswichi kwanza, kisha chomoa moja moja na upige picha ya kila moja kwa ndani. Tafuta kiwaya kilichokatika au masizi meusi. Anza na zenye doa jeupe, hizo ni za ampea 5, ndizo za taa. Buluu ni 15, nyekundu ni 30. Rudishia waya wa fyuzi wa kipimo kilekile. Tafadhali kaka, usiweke waya wa kawaida wa shaba. Hautaungua, utaungua ule ulio ukutani.

Unguja: Nimeshusha breka ndogo zote kama ulivyosema, lakini ya T bado haisimami. Ina maana imekufa?

*Jibu:* Huenda, lakini usiinunue mpya bado. Breka ndogo nyingi hukata laivu peke yake, nyutro inaendelea kuungwa. Nyutro ikigusana na ethi mahali popote, breka ya mvujo inaweza kuanguka hata ndogo zote zikiwa chini. Chomoa kila kitu kwenye soketi: friji, TV, chaja, zima na swichi ya ukutani ya hita. Jaribu tena. Ikisimama, rudisha kifaa kimoja kimoja. Isiposimama, fundi atatenganisha nyaya za nyutro ndani ya boksi na kuzipima. Hiyo si kazi ya mwenye nyumba.

Marekani: Boksi letu huku lina vishikio vinavyolala kushoto na kulia, hakuna juu wala chini. Nasomaje?

*Jibu:* Huko breka zimepangwa safu mbili, na inayowaka kishikio chake kinaelekea katikati ya boksi. Iliyoanguka haiendi mpaka nje, husimama katikati ya safari yake, na baadhi huonyesha rangi nyekundu au ya machungwa. Tofauti na wenzake ni ndogo, milimita chache, kwa hiyo piga picha ya kila safu peke yake kwa karibu. Kisha isukume nje mpaka `OFF`, ndipo uirudishe mpaka mwisho kuelekea katikati ya boksi.